Tangazo Linasema Kafka, Wasifu Unasema RabbitMQ

Kampuni ya malipo kwa simu jijini Nairobi inatafuta msanidi programu wa upande wa seva. Tangazo ni la kutunga, lakini anayefuatilia ajira za teknolojia atalitambua mara moja. Kazi yenyewe, linasema, ni kuandika na kutunza huduma za malipo kwa Java 17 na Spring Boot 3, kuunganisha mifumo ya pesa za simu, na kusambaza matukio ya miamala kwa Kafka. Kisha inakuja orodha ya vinavyohitajika: miaka 3 ya Java, Spring Boot, PostgreSQL, REST API, Docker, Git, majaribio ya programu, CI/CD, na AWS au GCP. Mwishoni, chini ya maneno kwamba itakuwa faida zaidi, kuna Kubernetes, Terraform na React.

Mwombaji wetu yuko Mombasa. Ana miaka minne kazini. Mwaka wa kwanza aliandika PHP kwa Laravel, na mitatu iliyofuata amekuwa akiandika Java katika kampuni inayouza programu za maduka, ambako ndiye aliyeunganisha malipo ya M-Pesa. Anaiweza kazi hii, au sehemu yake kubwa. Lakini sehemu ya ujuzi katika wasifu wake inasomeka hivi:

```
Ujuzi: Java, JavaScript, PHP, Laravel, HTML, CSS, MySQL,
Postgres, RabbitMQ, Linux, Git, MS Word, K8s, Spring, Photoshop
```

Hakuna uongo hata mmoja humo, na bado msomaji wa wasifu huu hatajua kama mtu huyu anafaa. Tutaipanga upya orodha hii mpaka iendane na tangazo, bila kuongeza kitu ambacho hakukifanya.

Kwanza, nani anaisoma? Huku kwetu imeenea habari kwamba kuna roboti linalotupa wasifu wowote uliokosa neno fulani. Mambo hayako hivyo hasa. Kampuni kubwa hupokea maombi kupitia mifumo kama Workday, Greenhouse au Taleo, na kazi ya msingi ya mifumo hiyo ni kuyatoa maandishi kwenye faili, kuyahifadhi, na kumwezesha afisa ajira kuyatafuta. Baadhi huwapanga waombaji kwa alama. Kinachomkata mtu papo hapo mara nyingi ni yale maswali ya ndiyo na hapana kwenye fomu, kama vile una kibali cha kufanya kazi nchini au huna. Vinginevyo anayeamua ni binadamu, ila ni binadamu anayeandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na kusoma majina yanayotokea. Na kwa kawaida huyo si mwanateknolojia. Ni mtu wa rasilimaliwatu aliyepewa na kiongozi wa timu majina sita au saba ya kuangalia.

Mtu huyo akiandika PostgreSQL, wasifu unaosema Postgres unaweza usitokee. Akiandika Kubernetes, K8s haitatokea, na hata akiiona kwa macho huenda asijue kwamba ni kitu kilekile: herufi ya kwanza, ya mwisho, na nane za katikati zilizohesabiwa badala ya kuandikwa. Msanidi aliyezoea kuandika Go atakuta matangazo yanasema Golang, kwa sababu neno la herufi mbili ambalo pia ni kitenzi cha kawaida cha Kiingereza halitafutiki. Kuna mitego ya upande wa pili pia. Neno Java limo ndani ya JavaScript, lugha mbili zilizotoka mwaka mmoja, 1995, na ambazo zaidi ya jina na umbo la nje hazina undugu mkubwa. Kwa hiyo utafutaji wa kizembe huleta waandishi wa kurasa za wavuti kwa mtu anayetaka watu wa seva.

Kanuni ya kwanza basi ni nyepesi: kitu ulichokifanya, kiite kwa jina lilelile linalotumiwa na tangazo. Postgres iwe PostgreSQL. K8s, ikibaki, iwe Kubernetes. Kwa vifupisho vyenye jina refu linalojulikana, andika vyote viwili mara moja tu mahali fulani, Amazon Web Services na AWS, kisha endelea na kifupi. Hapo hujadanganya mtu wala hujapamba chochote. Umefanya alichokiomba msomaji, kwa lugha yake.

Sasa turudi kwenye tangazo, maana wengi hulisoma vibaya. Wanaichukua ile orodha ya vinavyohitajika na kuipitia jina kwa jina kama karatasi ya mtihani, kila jina lina alama sawa. Lakini aya ya kazi zenyewe, ile ya juu ambayo watu huiruka, ndiyo inayosema ukweli zaidi. Orodha mara nyingi imenakiliwa kutoka tangazo la mwaka juzi. Aya ya kazi imeandikwa, au walau imesahihishwa, na mtu anayejua kesho asubuhi mwajiriwa mpya atakaa afanye nini. Katika tangazo letu aya hiyo inataja vitu vinne tu: Java 17, Spring Boot 3, pesa za simu na Kafka. Hivyo ndivyo vinavyobeba kazi. Kafka haimo hata kwenye orodha ya vinavyohitajika, pengine imesahaulika tu, lakini imo kwenye kazi ya kila siku, kwa hiyo ina uzito kuliko Docker na Git zilizoorodheshwa.

Pia soma viunganishi. AWS au GCP maana yake ni moja kati ya hizo, na mwombaji mwenye AWS asihangaike kutafuta cheti cha GCP wikiendi. Nimepitia wasifu nyingi zilizotaja AWS, Azure na GCP kwa pamoja, na karibu zote zilikuwa za watu waliofanya kazi kwenye moja tu.

Na usiziabudu namba za miaka. Julai 2020, Sebastián Ramírez, mtu aliyeitengeneza FastAPI, aliandika hadharani kwamba ameona tangazo la kazi linalotaka miaka minne au zaidi ya kutumia FastAPI, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameiunda mwaka mmoja na nusu tu uliopita. Hilo halimaanishi unyooshe tarehe zako. Mwombaji wetu ana miaka 3 ya Java, yuko salama. Angekuwa na miwili na nusu ningemwambia aombe tu, aandike miwili na nusu.

Hatua inayofuata hufanyika mbele ya msimbo wenyewe, na wasifu usubiri. Msanidi akiulizwa anatumia nini atataja vitu anavyovipenda au alivyovitumia mwezi uliopita, na atasahau nusu. Faili za mradi hazisahau. Kwa mradi wa Java faili hiyo ni `pom.xml` au `build.gradle`. Kwa JavaScript ni `package.json`. Kwa uendeshaji ni `Dockerfile`, `docker-compose.yml` na faili ya CI kama `.gitlab-ci.yml`. Mwombaji wetu, aliyeandika Spring kwa neno moja tu, akifungua `pom.xml` ya kazini anakuta hivi:

```xml
<parent>
  <groupId>org.springframework.boot</groupId>
  <artifactId>spring-boot-starter-parent</artifactId>
  <version>3.1.5</version>
</parent>
```

Chini yake kuna mstari unaosema toleo la Java ni 17. Kumbe ana kile kile tangazo linachokitaka, hadi namba! Akiendesha `mvn dependency:tree` anaona na vingine: Hibernate, Flyway, JUnit, Testcontainers. Tangazo linadai majaribio ya programu, naye ameyaandika kwa miaka mitatu bila kuyataja popote kwenye wasifu. Kwa mtu aliyeacha kazi na hana tena ruhusa ya kuona msimbo, itabidi kumbukumbu itumike, pamoja na kumuuliza aliyekuwa naye kwenye timu. Msimbo wa mwajiri hauondoki naye. Majina ya zana si siri.

Namba ya toleo inastahili kuandikwa pale tu inapobadilisha maana. Hakuna anayejali toleo lako la Git. Lakini Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, ni mpaka halisi. Haiendeshwi na Java iliyo chini ya 17, na ilihamisha majina ya vifurushi vingi vya Java, kiasi kwamba mradi wa toleo la 2 hauhamii toleo la 3 bila mistari kama huu kubadilishwa katika faili nyingi:

```java
import javax.persistence.Entity;    // Spring Boot 2
import jakarta.persistence.Entity;  // Spring Boot 3
```

Aliyewahi kuuhamisha mfumo unaotumiwa na wateja kutoka huku kwenda kule ana hadithi ya kusimulia kwenye usaili, na anapaswa kuitaja. Ubaya ni kwamba mpaka huohuo unaumbua. Mtu anayenakili maneno ya tangazo na kuyabandika juu ya wasifu wake wa zamani hujikuta ameandika Java 8 kwenye mstari mmoja na Spring Boot 3 kwenye mwingine. Afisa wa rasilimaliwatu hataona kasoro. Kiongozi wa timu ataiona kabla hajamaliza kumeza chai yake, kwa sababu mchanganyiko huo haupo duniani. Upande wa kurasa za wavuti mtego wa namna hii ni Angular. AngularJS ya mwaka 2010 na Angular iliyoanza na toleo la 2 mwaka 2016 ni vitu viwili, ya pili iliandikwa upya. Anayeijua ya kwanza tu asijibu tangazo la pili kama kwamba herufi mbili za mwisho ni mapambo.

Tumefika kwenye Kafka, na hapa ndipo penye kazi.

Mwombaji wetu hajawahi kuitumia Kafka kazini. Ametumia RabbitMQ. Zote mbili hupokea ujumbe kutoka programu moja na kuupeleka kwa nyingine, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa: andika Kafka, usaili ukifika utakuwa umesoma. Tatizo ni kwamba tofauti kati yake ndiyo hasa kampuni ya malipo itakayoiuliza. Katika foleni ya kawaida ya RabbitMQ, ujumbe ukishapokelewa na msomaji akathibitisha, unaondoka. Kafka hauondoi. Inauandika kwenye daftari lake na kuuacha hapo hadi muda uliowekwa upite, ambao usipobadilishwa ni saa 168, yaani siku 7, na kila kundi la wasomaji linakumbuka lenyewe limefika ukurasa gani. Daftari hilo limegawanywa katika sehemu, na mpangilio wa nani alitangulia nani unalindwa ndani ya sehemu moja tu, si katika daftari zima.

Kwa malipo hili si jambo la nadharia. Msomaji akizimika baada ya kuushughulikia muamala lakini kabla ya kuandika kwamba amefika hapo, akiwaka tena atausoma ujumbe uleule. Asiyejikinga atamkata mteja pesa mara mbili. Swali la usaili litakuwa hilo, kwa maneno haya au mengine, na aliyeandika Kafka kwa kujitapa atatambulika katika dakika tano za kwanza. Kuanzia hapo hata Java yake, ambayo anaijua kwelikweli, itaanza kutiliwa shaka. Ndiyo maana sipendi ushauri unaozunguka kwamba uandike kila neno la tangazo kwanza, mengine yatajulikana mbele. Mstari mmoja wa uongo unachafua sita ya kweli.

Ana njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuandika RabbitMQ kwa jina lake na kuuweka mstari huo chini ya kichwa kinachosema foleni za ujumbe, ili kiongozi wa timu aone kwamba fani hiyo si ngeni kwake. Dereva wa Fuso akipewa Scania haanzi kujifunza alama za barabarani. Ya pili ni kujenga mradi mdogo wa Kafka na kuuandika kama mradi binafsi, kwa maneno hayohayo, bila kuuficha katikati ya vitu vya kazini.

Mradi huo uwe mdogo, lakini ufike penye ugumu. Kutuma ujumbe wa salamu na kuusoma hakutoshi. Kwa kazi hii ningeanza na amri hii kwenye kompyuta yangu:

```
kafka-topics.sh --create --topic malipo --partitions 3 \
  --replication-factor 1 --bootstrap-server localhost:9092
```

Kisha niandike programu ndogo ya Spring Boot inayotuma miamala ya kubuni, namba ya akaunti ikiwa ndiyo ufunguo wa kila ujumbe, kwa sababu ujumbe wenye ufunguo mmoja huenda sehemu moja na hivyo mpangilio wa akaunti hiyo hauvurugiki. Ningewasha wasomaji wawili katika kundi moja, nikamzima mmoja kwa makusudi katikati ya kazi, nikaangalia mwenzake akirithi sehemu zake na ni ujumbe gani unasomwa mara ya pili. Mwisho ningeweka kinga kwenye PostgreSQL: safu ya namba ya muamala isiyoruhusu kujirudia, na uingizaji unaotumia `ON CONFLICT DO NOTHING`. Hiyo ni kazi ya siku chache za jioni kwa mtu anayeijua Java. Aliyeifanya anaweza kuandika Kafka, mradi binafsi, na kila swali la msingi ana jibu lililotoka mikononi mwake.

Mstari huo wa mwisho unagusa kitu kingine. Kazini kwake MySQL ndiyo iliyotumika zaidi na PostgreSQL kwenye huduma moja tu, ile ya malipo. Je, aanze na ipi? Aanze na PostgreSQL, kwa kuwa ndiyo iliyoombwa na ndiyo iliyokuwa chini ya kazi inayofanana na hii. Kubadilisha mpangilio ni haki yake. Ila ajue kwamba atakayeanza kwa PostgreSQL ataulizwa PostgreSQL: kwamba `ON CONFLICT` ni yake, na kwamba MySQL hufanya jambo karibu na hilo kwa `ON DUPLICATE KEY UPDATE`. Ni tofauti ya kujifunza mchana mmoja, si sababu ya kuacha kuomba.

Kubernetes inahitaji uamuzi wa namna nyingine. Aliiandika kwa sababu kampuni yake inaitumia, ila mwenye kuisimamia ni mtu mwingine. Yeye huingia tu kuangalia huduma yake ikikwama, hasa kwa `kubectl get pods` na `kubectl logs` yenye `--previous` ili kusoma kilichotokea kabla programu haijajiwasha upya. Hiyo ni ujuzi, na wasanidi wengi hawana zaidi yake. Basi aiandike kwa mipaka yake: Kubernetes, matumizi ya kila siku. Tangazo limeiweka kwenye faida tu, hakuna anayetarajia ajenge kundi zima la seva. Terraform na React hana, na asiziandike. Nafasi tupu kwenye sehemu ya faida haimwondoi mtu.

Yapo ya kutoa. MS Word na Photoshop zinamwambia msomaji kwamba mwandishi hakujua nini cha kuchagua. HTML na CSS hazidhuru, ila kwa kazi ya seva zinachukua nafasi. JavaScript, kama ameigusa juujuu tu, iondoke ili isilete wale wanaotafuta watu wa kurasa. Laravel ibaki kwenye maelezo ya kazi ya mwaka wa kwanza, huko ndiko iliko historia yake. Baada ya mapitio yote sehemu ya ujuzi inakuwa hivi:

```
Lugha:      Java 17, SQL; awali PHP
Fremuweki:  Spring Boot 3, Spring Data JPA, Hibernate
Malipo:     M-Pesa Daraja API (STK Push, C2B), REST API
Ujumbe:     RabbitMQ; Kafka (mradi binafsi)
Kanzidata:  PostgreSQL, MySQL, Flyway
Majaribio:  JUnit 5, Testcontainers
Uendeshaji: Docker, GitLab CI/CD, AWS (EC2, RDS),
            Kubernetes (matumizi ya kila siku), Git
```

Mstari wa malipo haukuwepo kabisa mwanzoni, na ndio unaoweza kumpa kazi. Hakuuona kuwa ujuzi kwa sababu haukuwa lugha wala fremuweki, ilikuwa tu ile kazi aliyofanya. Lakini tangazo limesema waziwazi kuunganisha mifumo ya pesa za simu, na kiongozi wa timu Nairobi akiona Daraja, jina la milango ya kiprogramu ya Safaricom kwa M-Pesa, hahitaji kuelezwa. Anajua kwamba aliyeunganisha STK Push amekutana na shida yenyewe: unaomba malipo, unapewa `CheckoutRequestID`, halafu jibu halisi linarudi baadaye kwenye anwani uliyotoa, wakati wowote, na pengine lisirudi kabisa. Tangazo hilohilo lingetoka Berlin au Toronto, neno Daraja peke yake lisingesema kitu, na ingebidi aandike kwamba ni malipo ya pesa za simu kwa M-Pesa ndipo alitaje. Jina lina thamani mahali linapojulikana tu.

Orodha ikishakaa vizuri bado haijasimama yenyewe. Kila jina kati ya yale manne yanayobeba kazi lazima lionekane tena chini, katika maelezo ya kazi, ndani ya sentensi yenye kitenzi. Msomaji wa ufundi hufanya hivi bila hata kufikiri: anaona PostgreSQL juu, macho yanashuka kutafuta ilitumika wapi. Asipoipata anaihesabu kama kitu alichosoma mtu kwenye mafunzo. Sentensi ya mwombaji wetu, iliyokuwa ikisema alishughulikia masuala ya malipo, inaweza kuwa hivi: niliandika kwa Spring Boot huduma inayopokea majibu ya STK Push, kuyahifadhi PostgreSQL kwa `CheckoutRequestID` isiyojirudia, na kuyapeleka kwa huduma ya risiti kupitia RabbitMQ. Ndani yake mna zana tatu na mlango mmoja wa malipo, na muhimu zaidi, mna ushahidi kwamba ameshaiwazia ile hatari ya kukata pesa mara mbili. Anayesoma sentensi hiyo hatasumbuka sana kwamba Kafka ni ya mradi binafsi. Anachokitafuta kwa neno Kafka ni mtu wa namna hii.

Akiweza kuongeza kipimo aongeze, mradi akumbuke kilipatikanaje. Namba isiyoelezeka ni hatari kuliko kukosa namba.

Kabla ya kutuma kuna ukaguzi wa kiufundi ambao msanidi hana udhuru wa kuuacha. Wasifu za kupendeza, zenye safu mbili, nembo za zana badala ya majina, na vijistari vya kupima ujuzi kwa asilimia, zikipita kwenye mfumo wa kupokea maombi hutoka zimevurugika. Nembo ni picha, kwa hiyo jina halipo. Safu mbili zinaweza kusomwa kwa mkato, mstari wa kushoto ukaunganishwa na wa kulia. (Na sijawahi kuelewa Java ya asilimia 85 ni ipi, wala ile 15 iliyobaki imekwenda wapi.) Njia rahisi ya kujua ni kuyanakili maandishi yote ya PDF na kuyabandika kwenye Notepad. Mwenye Linux ana njia fupi zaidi:

```
pdftotext wasifu.pdf - | grep -i postgresql
```

Usipoona mstari wowote ukirudi, na jina unaliona kwa macho kwenye ukurasa, basi mashine haitaliona pia. Pitia hivyo majina yote manne makuu. Ukaguzi huu pia unafichua ujanja wa kuandika maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe ili binadamu asiyaone: maandishi yakitolewa kwenye faili hayana rangi, na afisa ajira anayasoma yote, yamejaa chini ya ukurasa.

Mwisho, mifumo mingi ikishapokea faili hujaza yenyewe visanduku vya fomu, na kile cha ujuzi kina tabia ya kubahatisha. Huchukua maneno inayoyatambua na kuacha mengine. Inaweza kuacha Daraja kwa kutoijua, na ikachukua neno kutoka kwenye sentensi ya mradi wa zamani. Wengi hubonyeza kuendelea bila kutazama, ilhali afisa ajira anaweza kutafuta kwa visanduku hivyohivyo badala ya faili. Mwombaji wetu alipofika hapo angekuta Laravel imewekwa ya kwanza na PostgreSQL haipo, akaifuta moja, akaandika nyingine kwa mkono, ndipo akatuma.